Mtoto kalelewa na bibi kijijini, sasa hanitaki. Nimchukue tu alie azoee?

"Habari mtaalamu. Binti yangu ana miaka 4 na kidogo. Nilimpeleka kwa mama yangu kijijini akiwa na mwaka na miezi 2, mimi na baba yake wote tunafanya kazi mjini na hatukuwa na mtu wa kumwachia. Tunaenda kumwona mara 3 kwa mwaka, siku mbili tatu tunarudi. Zamani nikiondoka alikuwa analia mpaka anatapika, ikabidi niwe natoka akiwa amelala. Siku hizi nikifika ananiangalia tu kama mgeni, anajificha nyuma ya bibi yake. Bibi anamwita mama, mimi ananiita kwa jina langu. Kwenye simu anasalimia anakimbia. Tumepanga mwezi wa 1 tumchukue aanze shule huku, imebaki kama miezi 5. Nilivyomwambia mama alikata simu, siku 3 hapokei, baadae akasema 'ukimchukua huyu utakuwa umenimaliza'. Dada yangu anasema mama kampandikiza mtoto chuki. Mtoto amedeka hatari, hela natuma kila mwezi, halafu naonekana mimi ndo mbaya. Nimchukue tu alie azoee au nifanyeje?"

Dada, nikupe jibu kwanza alafu nieleze. Kumchukua mnaweza, na hata huo mwezi wa 1 unawezekana, ila sio kwa kwenda kumbeba siku moja mkapanda basi mkaondoka. Na hilo la mama kupandikiza chuki liweke pembeni kabisa, kwa hayo ulioandika mimi sioni chuki sehemu yoyote, naona mtoto aliefanya kitu ambacho watoto wote wa umri ule wanafanya wakiachwa, na naona mama mtu mzima anaeogopa kuachwa yeye mwenyewe.

Tuanze na mtoto. Watu wengi wanaamini damu inajua, kwamba mtoto hata akikaa mbali vipi ndani kabisa anamjua mama yake. Hapana. Mtoto mdogo anashikamana na yule anaemuamsha, anaemlisha, anaemfuta makamasi, anaemshika akiamka usiku na ndoto mbaya, tena sio mara moja, ni mara elfu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na akaanza kuzunguka kwenye nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na familia, anaangalia tu wachanga wanamfuata nani, wanamlilia nani, wakiogopa wanakimbilia wapi. Alichokiona ni kwamba kushikamana kunajengwa kwenye yale majibizano ya kila siku, mtoto anaita mtu anaitika, na kwamba mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja. Hiyo habari ya pili ni njema sana kwako, nitairudia huko chini.

Sasa wewe ulimwacha akiwa na mwaka na miezi 2. Huo ni umri ambao kushikamana ndo kumeshika kasi, mtoto ameshajua mtu wake ni nani ila hana maneno ya kuuliza ameenda wapi na hana akili ya kuelewa "atarudi mwisho wa mwezi". Mtoto wa umri huo mtu akitoka machoni muda mrefu, kwake ametoweka. Kwenye miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzo wa 1950 kule London, James Robertson, aliekuwa akifanya kazi na daktari John Bowlby, aliwafuatilia watoto wadogo waliolazwa hospitali wakati ule wazazi walikuwa hawaruhusiwi kukaa nao. Wakaeleza hatua 3. Ya kwanza mtoto anapinga, analia, anatafuta mlango, anakataa wauguzi. Ya pili anakata tamaa, ananyamaza, anakuwa mpole, hachezi sana. Ya tatu anajitenga, anachangamka tena, anakula, anacheka na watu waliopo, na mama akija anamwangalia kama mtu wa jirani au anageuza uso. Wauguzi walikuwa wanafurahi hatua ya tatu wakisema amezoea. Kumbe alichofanya ni kufunga mlango ili asiumie tena.

Soma tena barua yako mwenyewe. "Zamani alikuwa analia mpaka anatapika" ni hatua ya kwanza. "Siku hizi ananiangalia tu kama mgeni" ndo ya tatu. Hakuna mtu aliemfundisha. Na hapo kati kuna kitu kimoja ulikifanya kwa nia nzuri kabisa, ukawa unatoka akiwa amelala. Karibu kila mzazi anafanya, ili kuepuka kilio, ila mtoto anachojifunza ni kwamba mama huyu nikifumba macho anapotea. Kwa hiyo ukija siku mbili tatu yeye hana sababu ya kukukaribia, maana anajua mwisho wake, ataamka asubuhi hayupo. Kukaa mbali na wewe kwake ni usalama.

Na kumbuka pia kumbukumbu za kabla ya miaka 3 kwa kawaida hazibaki kama hadithi kichwani. Binti yako hana picha ya wewe ukimnyonyesha. Unazo wewe peke yako, ndo maana inakuuma wewe kuliko yeye. Ile ya kusema "mwanangu kanisahau" ni kweli kwa namna hiyo, ila sio kosa lake na haimaanishi imekwisha.

Hilo la jina ni jepesi kuliko unavyodhani. Hapo nyumbani bibi anakuitaje? Kwa jina lako, si ndio, wewe ni mwanae. Mtoto anasikia "fulani amepiga simu", "fulani kakuletea nguo", na yeye anarudia hivyo hivyo. Mwombe mama aanze kusema "mama yako amepiga", basi. Usimkaripie mtoto, usimwambie mbele ya watu "mimi ndo mama yako sio huyo". Akimwita bibi mama mwache, watoto kibao wana mama wawili vichwani mwao na hawachanganyikiwi, wanaochanganyikiwa ni watu wazima. Lakini kuna kingine ambacho naomba umuulize mama taratibu: mtoto akikosea huwa anaambiwa "ngoja mama yako aje, nitamwambia"? Bibi wengi wanatumia hiyo maana wao nguvu za kukimbizana na mtoto hawana tena. Matokeo yake wewe huko mbali umekuwa askari. Alafu ukipiga simu swali la kwanza "umekuwa na adabu?" Ungekuwa wewe ungekaa kwenye simu?

Kuhusu kudeka, kidogo nipinge. Bibi kuwa laini kuliko wazazi ni kawaida, na kuna sababu ya mwili pia, mtu mzima ambae magoti yanauma akishamwambia mtoto mara 3 anaona heri ampe anachotaka apumzike. Ila wewe unamwona siku mbili tatu, tena siku ambazo nyumba nzima imevurugika kwa ugeni, zawadi zimeletwa, mtoto ana wasiwasi. Mtoto mwenye wasiwasi ni msumbufu. Hicho unachokiita kudeka sehemu kubwa inaweza kuwa ni wewe kuwepo. Sisemi hana tabia za kurekebisha, nasema usizirekebishe kwenye ziara ya siku mbili.

Sasa twende kwenye swali lenyewe, alie azoee. Ukimchukua ghafla nini kitatokea, nakwambia kabisa maana naona familia hizi kila wakati. Wiki ya kwanza atalia sana hasa jioni na wakati wa kulala. Wiki ya pili au ya tatu atanyamaza, na nyinyi mtafurahi, mtasema si unaona. Hapo ndo pa kuwa makini. Kuna familia moja walimleta kijana wao wa miaka 5 hivyo hivyo, baba alienda Ijumaa akarudi nae Jumapili, Jumatatu shule. Walikuja kwangu miezi kadhaa baadae na hawakuja kwa sababu analia, walikuja kwa sababu ameanza kukojoa kitandani wakati aliacha zamani, na mwalimu kawaambia hajamsikia akiongea darasani tangu afike. Nyumbani walikuwa wanamsifia, "ni mtoto mzuri, hasumbui kabisa". Anakula akipewa, asipopewa haombi. Nikamuuliza mama yake, tangu amekuja ameshawahi kugombana na wewe, kukunyima kitu, kukuambia sitaki? Akafikiria akasema hapana. Mtoto wa miaka 5 asiewahi kumgomea mama yake hata siku moja hajazoea, anaishi kama mgeni asietaka kufukuzwa. Na simu za bibi walikuwa wamezikata, kwa sababu kila akiongea nae analia, wakaona bora asahau. Tulichofanya cha kwanza ni kurudisha simu za bibi, cha pili bibi akaja akakaa nao mwezi. Alirudi kuongea, lakini ilichukua karibu muhula mzima, na mwanzoni alikuwa mkorofi kweli kweli, akawa anampiga mama yake. Niliwaambia washukuru.

Yaani kwa mtoto huyu wako kumtoa kwa bibi ghafla ni kumwachisha mama kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa na mwaka, safari hii ana miaka 4 na atakumbuka.

Kabla sijakupa utaratibu, kuna swali nataka mkae na baba yake mlijibu kwa ukweli. Huko mjini akija, saa ngapi mnatoka na saa ngapi mnarudi? Kama mnatoka hajaamka na mnarudi amelala, basi hamumchukui kutoka kwa bibi kumleta kwenu, mnamtoa kwa bibi mnampeleka kwa dada wa kazi, mtu ambae hamjui kabisa na anaweza kuondoka wakati wowote. Hapo mimi ningewaambia afadhali abaki mwaka mmoja zaidi, aanze shule huko huko, mpange upya kazi zenu. Ila kama mmoja wenu anaweza kuwa nae asubuhi au jioni kwa muda wa masaa 2 au 3 akiwa macho, kila siku, kumchukua kuna maana. Na msijidanganye kwamba shule ya mjini peke yake inatosha kuwa sababu. Kwa umri huu mtu wa kumlea ana uzito kuliko jengo la shule. Kwa upande wa pili, kuendelea kumwacha nako kuna gharama, kadri miaka inavyoenda ndo anavyozidi kuwa wa bibi, na bibi anazeeka. Mtoto wa miaka 4 anahamishika vizuri kuliko wa 13 ambae ana marafiki, ana maisha yake, na ana hasira yenye maneno. Kwa hiyo sikwambii usubiri milele.

Tuseme mmekubaliana mwezi wa 1. Miezi 5 inatosha ukianza sasa hivi, na mwanzo wake ni simu. Piga siku zile zile na saa ile ile, mara 3 kwa wiki inatosha, dakika 5 au chini ya hapo. Mtoto wa miaka 4 hawezi maongezi ya simu, ukimuuliza hujambo, umekula, umenimiss, umeshamaliza maswali na yeye ameshakimbia. Mpe kitu cha kufanya. Mwambie akuonyeshe kuku amefika wapi, akuchoree kitu mkipiga tena akuonyeshe, mhadithie kisa kifupi ukiishie patamu. Bibi akae pembeni, akiwa bibi anacheka na wewe kwenye simu mtoto anasoma kwenye uso wake kwamba huyu mtu ni salama. Hiyo ni dawa kubwa kuliko zawadi zote ulizowahi kumpelekea. Kama mtandao huko unasumbua rekodi sauti yako, bibi amuwekee akienda kulala. Usimuulize kabisa "unanipenda?" wala "unanikumbuka?", hayo ni maswali yako sio yake.

Alafu ziara. Badala ya hizo safari za siku mbili mbili, jitahidi upate moja ya wiki nzima au zaidi, hata kama itakula likizo yako yote. Ukifika usimvute kumkumbatia. Salimia watu, kaa chini, usawa wa macho yake, fanya shughuli yoyote ya mikono karibu yake bila kumwita. Atakuja. Anaweza kuja kwa mgongo, anakusogelea huku anaangalia pembeni, anagusa mkoba wako anaondoka, anarudi. Mwache hivyo hivyo. Siku 2 za mwanzo kila kitu afanye bibi kama kawaida, wewe upo tu. Baada ya hapo bibi anamuogesha wewe unashika taulo, kesho yake wewe unamuogesha bibi yupo hapo hapo, kesho kutwa bibi yupo chumba kingine. Ukiona anagoma rudi hatua moja nyuma, hamna aibu hapo. Na siku ya kuondoka muage mchana, akiwa macho, hata kama atalia. Tena akilia furahi kidogo moyoni, maana amerudi kwenye kupinga, ile hatua ya kwanza, maana yake umekuwa tena mtu wa kulilia. Mwambie unarudi lini kwa namna anayoielewa, "mwezi ujao" hajui ni nini, mchoree vyumba kwenye karatasi, kila jioni afute kimoja na bibi. Ila ukishachora vyumba 40 siku ya 40 uwepo. Kama huna uhakika na ruhusa kazini usichore.

Baba yake nae aende. Naona kwenye barua yako baba katajwa mara moja tu. Kwa huyu mtoto baba nae ni mgeni, tena mgeni mwenye sauti nzito, na mkimleta mjini atakuta anaishi na watu wawili asiowajua badala ya mmoja.

Kuhama kwenyewe sasa. Aje na bibi. Hili ndo la muhimu kuliko yote na ndo familia nyingi zinaliruka kwa sababu ya nauli au kwa sababu mkwe na mkwe hawaelewani. Waje angalau wiki 4 kabla ya shule kufungua, ili nyumba mpya, watu wapya na darasa jipya visimwangukie wiki moja. Wiki ya kwanza na ya pili bibi anamlea ndani ya nyumba yenu, wiki ya tatu unaanza kushika wewe kama mlivyofanya kijijini, na kama kutakuwa na dada wa kazi awepo tangu hapo, bibi bado yupo, mtoto amwone bibi anamwamini. Wiki za shule za mwanzo ningependa bibi awe bado yupo, hata siku chache. Alafu anaondoka kwa kuaga, mtoto anamsindikiza, anajua siku ya kupigiwa simu na anajua likizo anaenda. Nguo anayolalia, blanketi lake, kikombe chake vije, usimnunulie kila kitu kipya. Najua unataka aingie chumba kizuri kipya. Atakipenda baadae.

Na simu za bibi zisikatwe. Akiongea na bibi akalia, mshike tu, mwambie "umemmiss bibi, hata mimi namiss", msubiri amalize. Kilio hicho hakimrudishi nyuma. Hapa ndo narudi kwenye ile habari njema ya Ainsworth, mtoto ana nafasi ya zaidi ya mtu mmoja. Huhitaji kumtoa bibi moyoni ili uingie. Kinyume chake mtoto ambae ameshikamana vizuri na bibi ana uwezo wa kushikamana na wewe, kwa sababu ameshajua watu wanaaminika. Huo uwezo mama yako ndo amekutunzia miaka 3.

Ndo tumefika kwa mama. "Utakuwa umenimaliza" wewe umesikia kama vitisho. Mimi nasikia mtu anaelezea hesabu yake. Siku yake nzima imepangwa kwa huyo mtoto, analala na mtu chumbani, anaamka kuna wa kumwambia amka, majirani wanamwita kwa jina la mjukuu. Siku mtoto akiondoka nyumba inabaki na yeye peke yake. Na ana hofu nyingine ambayo mzazi hawezi kuitamka mbele ya mwanae: je, zile simu na zile hela zilikuwa zangu au za mtoto? Mtoto akienda nitapigiwa tena? Usiite huo ni uroho. Alafu ukamwambia kwa simu, kama taarifa, mwezi wa 1 tunamchukua. Miaka 3 amekesha na homa za huyo mtoto, hakuulizwa.

Kwa hiyo nenda, ana kwa ana, na usianze na tarehe. Anza na shukrani yenye vitu ndani yake, sio "asante kwa kunilelea", ila "mama najua ile malaria ya mwaka jana ulikesha peke yako". Alafu muombe ushauri wa kweli, akilia usiku anatulizwaje, anaogopa nini, anapenda kulala upande gani. Mambo hayo anayajua yeye tu na bila hayo wewe utahangaika. Mwambie wazi kwamba hela yake ya kujikimu iko pale pale mtoto akiwepo asiwepo, na kama mpaka sasa ulikuwa unatuma kwa jina la mtoto, tenganisha kuanzia mwezi huu, yake na ya mtoto. Hiyo peke yake imewahi kushusha joto kwenye familia nyingi kuliko vikao. Na "hela natuma" usiitamke kwenye ugomvi tena. Hela inalipa mahitaji, usingizi wake aliokosa hailipi, na ukiitaja anasikia kwamba alikuwa mfanyakazi wako. Mjukuu wa jirani kuja kushinda nae, kikundi chake, mmoja wa ndugu kulala pale wiki za kwanza, yapangwe kabla hujaondoka na mtoto sio baada.

Dada yako nae mwambie kwa upole aache kutafsiri. Maneno kama "kapandikiza" yakifika kijijini, na yatafika, ile wiki 4 ya bibi kuja kwenu usahau.

Kama baada ya kupiga hesabu zenu mtaona abaki mwaka mmoja zaidi, basi msirudi kuishi kama mlivyokuwa mnaishi. Mkae mpange nani anaamua nini, yaani matibabu, shule, adhabu. Ya kila siku aamue bibi bila kupigiwa simu ya kukosolewa, makubwa muamue pamoja. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki viwe pale alipo mtoto, na bibi awe na karatasi yenu yenye sahihi inayosema anaruhusiwa kumpeleka hospitali na kukubali matibabu, maana siku ya dharura simu zenu zinaweza zisipatikane. Na bibi apimwe afya yake, presha, sukari, macho. Walezi wa umri huo wanapeleka mjukuu kliniki kila mara na wao wenyewe hawaendi.

Kuna mambo ambayo usiyasubirie majibu ya maandishi. Kukojoa kitandani, kung'ang'ania, kuongea kitoto, kulia jioni, hayo wiki 6 za kwanza baada ya kuhama ni ya kawaida, yanapungua taratibu, cha kuangalia ni je yanapungua. Kama yanaongezeka, au hali chakula mpaka anapungua uzito, au ameacha kuongea kabisa, au anajiumiza, anagonga kichwa, au akiumia haendi kwa mtu yeyote kutulizwa, au anaenda kwa kila mtu hata asiemjua kabisa na kutaka kubebwa nae, mpeleke kliniki ya watoto au kwa ofisa ustawi wa jamii aliye karibu, waeleze historia yote ya kulelewa na bibi, usiseme tu "hali chakula". Akionyesha hofu ya mtu mmoja maalum, awe huko au huku, au maumivu sehemu za siri, au michezo ya kikubwa ambayo mtoto wa umri huu hatakiwi kuijua, nenda siku hiyo hiyo, usimhoji hoji nyumbani kabla.

Na kwa mama pia. Akisahau moto jikoni, akianguka anguka, akiacha kula, akisema tena na tena kwamba hana sababu ya kuishi, hiyo sio lugha ya uchungu tu, apelekwe kituo cha afya na asiachwe peke yake. Safari hii nakuomba upige simu leo usikilize sauti yake, kama ni ile ile ya siku zote kidogo imenuna, au imeshuka.

La mwisho ni la likizo ya kwanza, maana litakushtua. Mtamrudisha kijijini kama mlivyomuahidi, na siku ya kurudi mjini atagoma, atashika nguo ya bibi, utaona kazi yote imeharibika na baba yake atasema si nilisema tusimpeleke. Haijaharibika, ni mtoto anaeaga mtu anaempenda, na likizo inayofuata apelekwe tena.